Tangazo Lipi Limeshinda? Hesabu Inayotangulia Jaribio



Mwishoni mwa mwaka 2007, kampeni ya Barack Obama ya kuwania urais wa Marekani ilikuwa na ukurasa wa mtandaoni uliowakaribisha wageni na kuwaomba waache anwani zao za barua pepe. Dan Siroker, aliyetoka kampuni ya Google kujiunga na kampeni hiyo, aliufanyia ukurasa huo jaribio. Aliandaa vitufe vinne vyenye maneno tofauti, picha tatu na video tatu. Kila kitufe kilioanishwa na kila picha au video, ikapatikana michanganyiko 24. Wageni 310,382 waligawanywa kwa bahati nasibu, kila mmoja akaonyeshwa mchanganyiko mmoja. Wafanyakazi wa kampeni walikuwa wameshaipenda video fulani, lakini hesabu zilipoletwa, video zote zilikuwa zimeachwa nyuma na picha. Ukurasa wa awali uliandikisha asilimia 8.26 ya wageni. Ulioshinda, wenye picha ya familia na kitufe cha "Learn More", uliandikisha asilimia 11.6.

Kisa hiki husimuliwa ili kuonyesha kwamba mabosi hukosea. Mimi nakileta kwa sababu ya jambo lisilosimuliwa sana. Kwa wastani, kila mchanganyiko ulionwa na watu kama 13,000. Piga hesabu: ukurasa wa awali ungeandikisha watu wapatao 1,070 katika idadi hiyo, na ule ulioshinda wapatao 1,500. Pengo la watu zaidi ya 400 juu ya idadi kama hiyo haliwezi kuletwa na bahati tupu. Kwetu, mtu huweka matangazo mawili Facebook asubuhi, jioni anakuta moja limeleta meseji 11 na jingine 20, kisha anatangaza mshindi. Jina la kazi ni lilelile, ila ushahidi haupo.

Hoja yangu ni moja. Kiasi cha data kinachotosha hupangwa kabla tangazo halijarushwa, na kinachohesabiwa ni matokeo, yaani meseji, oda au mauzo. Watazamaji hawahesabiwi.

Bahati ina ukubwa wake, na unapimika

Tuchukue mfano wa kubuni. Karakana ya Morogoro inatengeneza majiko sanifu ya mkaa na inayatangaza Facebook na Instagram. Anayevutiwa anabonyeza na kutuma meseji WhatsApp. Mwenye karakana ana matangazo mawili. Tangazo A ni picha ya jiko pamoja na bei. Tangazo B ni video fupi ya mama akieleza jinsi gunia lake la mkaa linavyodumu siku nyingi kuliko zamani. Anataka kujua lipi lipewe fedha za miezi ijayo.

Kabla ya kulinganisha A na B, tujiulize jambo jepesi zaidi: je, tangazo lilelile likirushwa mara mbili, kwa fedha zilezile, kwa watu wa aina ileile, litaleta meseji sawa? Hapana. Mara hii utapata 96, mara nyingine 109. Tangazo halijabadilika, ila waliokuwa na simu mkononi saa ile walikuwa wengine.

Mtikisiko huo una kipimo. Ikiwa matokeo ni adimu, yaani anayechukua hatua ni mmoja katika watu wengi walioliona tangazo, na kila mtu akaamua kivyake, basi idadi huyumba kwa kiasi kinachokaribia kipeuo chake cha pili. Tangazo la kuleta meseji 100 huyumba kwa kama 10 juu au chini. La kuleta 400 huyumba kwa kama 20. Kadiri idadi inavyokua, mtikisiko nao hukua, lakini polepole, na hapo ndipo data nyingi inapopata nguvu yake. Katika 100, mtikisiko ni sehemu ya kumi ya idadi yote. Katika 400, ni sehemu ya ishirini.

Ukilinganisha matangazo mawili, yote mawili yanayumba. Kwa hiyo tunajumlisha matokeo yao, tunatafuta kipeuo cha pili cha jumla hiyo, kisha tunakizidisha mara mbili. Kama matangazo yametumia fedha sawa na tofauti yao imezidi kiasi hicho, bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa namna hiyo mara chache tu, takriban mara 5 katika 100. Kama haijazidi, hatuna mshindi wa kutangaza.

Rudi kwenye meseji 11 na 20. Jumla ni 31, kipeuo chake ni kama 5.6, na mara mbili yake ni kama 11. Tofauti ni 9, haijafika. Anayedai kwamba tangazo la pili "linaongoza kwa asilimia 82" anasema kweli kuhusu siku moja, na hasemi lolote kuhusu miezi ijayo.

Tofauti ipi itabadilisha uamuzi wako?

Sasa tupange. Swali la kwanza ni la biashara, na hakuna mtaalamu wa takwimu atakayemjibia mwenye karakana: ni tofauti ndogo kiasi gani ambayo bado itamfanya abadili tangazo? Video ina gharama. Kuna kumlipa mpiga picha, na kuna kuirekodi upya bei ikipanda. Tuseme ameona kwamba video ikileta meseji zaidi kwa asilimia 30 kwa fedha ileile, itajilipa, na ikileta zaidi kwa asilimia 10 tu, haoni sababu ya kuhangaika. Basi asilimia 30 ndiyo tofauti anayoitafuta.

Swali la pili ni hatari anayoikubali. Hatari zipo mbili. Ya kwanza ni kumtawaza mshindi hali matangazo yanalingana. Kwa desturi ya takwimu huruhusiwa mara 5 katika 100, na kile kipimo cha mara mbili ya kipeuo ndicho kinachoilinda. Ya pili husahaulika: kuwa na tangazo lililo bora kweli kisha jaribio lishindwe kuliona. Ukipanga data ambayo tofauti unayoitafuta inagusa tu mara mbili ya kipeuo, utaikosa karibu nusu ya nyakati, kwa kuwa matokeo yatayumba na kuangukia chini ya mpaka. Ili uipate mara 80 katika 100, ambacho ndicho kiwango kinachotumiwa na wengi, tofauti inayotafutwa lazima iwe mara 2.8 ya kipeuo.

Kutokana na hayo mawili inapatikana kanuni fupi. K ni idadi ya matokeo yanayotakiwa kwa tangazo dhaifu, na r ni tofauti unayoitafuta, ambapo asilimia 30 huandikwa 0.3:

```
K = 7.84 × (2 + r) / r²
```

Tarakimu 7.84 ni 2.8 mara 2.8. Ukiweka 0.3, unapata 200. Kwa maneno ya kawaida, mwenye karakana anahitaji tangazo dhaifu lilete meseji zipatazo 200, na kama B ni bora kwa kiasi anachokitafuta, litaleta zipatazo 260.

Angalia sasa inavyokuwa tofauti inayotafutwa ikibadilika:

- Tangazo moja ni mara mbili ya jingine: matokeo 24 yanatosha.
- Limezidi kwa asilimia 50: matokeo 78.
- Limezidi kwa asilimia 30: matokeo 200.
- Limezidi kwa asilimia 20: matokeo 430.
- Limezidi kwa asilimia 10: matokeo 1,650.

Orodha hii ndiyo ningependa mwondoke nayo. Kuitafuta asilimia 10 badala ya 30 hakuhitaji data mara tatu, kunahitaji zaidi ya mara nane. Ndiyo maana kupima rangi ya kitufe au neno moja la kichwa cha tangazo ni anasa ya kampuni zenye wateja mamilioni. Biashara ndogo ipime mambo yanayotofautiana sana: picha dhidi ya ushuhuda wa mteja, bei iliyotajwa dhidi ya bei iliyofichwa.

Kisha tunazigeuza meseji kuwa fedha. Tuseme katika kila watu 1,000 wanaoona tangazo, 10 hutuma meseji, na kuwafikia watu 1,000 kunagharimu shilingi 6,000. Meseji 200 zitahitaji watu 20,000 kwa kila tangazo, na matangazo mawili ni watu 40,000, yaani shilingi 240,000. Mwenye karakana akisikia kiasi hicho na bajeti yake ya mwezi ni 100,000, amejua kabla ya kupoteza hata senti kwamba jaribio hili halimfai. Hilo nalo ni jibu.

Mgawanyo wa haki

Hesabu hiyo yote inadai kwamba suala la nani ataona A na nani ataona B limeamuliwa kwa bahati nasibu, na kwa wakati mmoja. Kurusha A wiki hii na B wiki ijayo ni kulinganisha wiki mbili. Moja huenda ilikuwa ya mshahara na nyingine ya mfuko mtupu. Kwa sababu hiyohiyo jaribio lichukue wiki kamili, moja au mbili, ili Jumatatu na Jumamosi zote ziwemo. Katika mfano wetu zimepangwa siku 14.

Kosa la pili ni kuweka matangazo yote mawili ndani ya kundi moja la matangazo na kuuachia mtandao. Mashine ya Facebook imetengenezwa kutafuta matokeo haraka, haikutengenezwa kuwa hakimu. Ikiona dalili ndogo za mwanzo inaelekeza fedha kwenye tangazo moja, na jingine linakufa kabla halijaonwa na watu wa kutosha. Ndani ya `Ads Manager` kuna chombo kiitwacho `A/B test`, ambacho hugawa watu ili anayeona A asione B na hugawa fedha sawa. Tumieni hicho.

Hata hivyo, chombo hicho nacho kina mpaka wake, na watafiti Michael Braun na Eric Schwartz wameuchambua kwa kina. Watu hugawanywa kwa haki katika makundi mawili, lakini ndani ya kila kundi mashine bado inachagua ni akina nani hasa waonyeshwe tangazo hilo, kwa kukisia nani atalipenda. Video ya mama inaweza kupelekwa kwa wanawake wenye familia, na picha yenye bei ikapelekwa kwa vijana wa mjini. Mwishoni tofauti ya matangazo imechanganyika na tofauti ya watu. Unaweza kuligundua hilo kwa kufungua `Breakdown` na kulinganisha umri, jinsia na mkoa wa walioona kila tangazo. Kama wanawake ni asilimia 70 upande mmoja na 40 upande mwingine, huwezi kusema kwamba video inawavutia watu zaidi. Unachoweza kusema ni kwamba, ukilipa kupitia mtandao huu kwa mpangilio huu, video inaleta meseji nyingi zaidi kwa shilingi. Kwa atakayeendelea kutangaza hapohapo, hilo linatosha. Kwa anayetaka kuipeleka hoja ya video kwenye redio au bango la barabarani, halitoshi.

Kuchungulia

Jaribio limeanza, na simu iko mfukoni. Kila asubuhi mwenye karakana anafungua kuona nani anaongoza. Kuangalia kama matangazo yanarushwa na kama namba ya WhatsApp inafanya kazi ni wajibu. Hatari ni kuwa tayari kusimamisha jaribio siku yoyote ambayo tofauti itavuka mpaka.

Mwaka 1969 wanatakwimu Armitage, McPherson na Rowe walionyesha gharama ya tabia hiyo. Ukipima mara moja tu, mwishoni, hatari ya kumtawaza mshindi asiyekuwepo ni asilimia 5. Ukipima mara tano njiani, huku ukiwa tayari kusimama mara tofauti ikivuka mpaka, hatari inapanda hadi asilimia 14. Ukipima mara kumi, inafika asilimia 19. Sababu ni kwamba idadi mbili zinazolingana hupandana na kushukana njiani, na anayechungulia kila siku anaipa bahati nafasi nyingi za kumdanganya. Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Andikeni kwenye karatasi, kabla ya kuanza, tarehe ya kufunga na idadi inayotakiwa, na karatasi hiyo akae nayo mtu mwingine.

Kufunga hesabu

Siku 14 zimekwisha. Kwa fedha sawa, A limeleta meseji 198 na B limeleta 247. Jumla ni 445, kipeuo chake ni 21.1, na mara mbili yake ni 42. Tofauti ni 49, imevuka mpaka. B limeshinda.

Limeshinda kwa kiasi gani? Mkono wa haraka unaandika asilimia 25, kwa kuwa 49 ni robo ya 198. Lakini mtikisiko uleule wa 42 unaizunguka tofauti hii. Tofauti ya kweli inaweza kuwa ndogo kama meseji 7 au kubwa kama 91. Tuna hakika ya kutosha kwamba B linatangulia, lakini hatuna hakika ya hatua ngapi. Tena tukumbuke kwamba matokeo yanayofaulu kuvuka mpaka mara nyingi ni yale yaliyosukumwa juu kidogo na bahati. Kwa hiyo ushindi ulioonekana kwenye jaribio huwa mkubwa kuliko utakaouona miezi inayofuata. Anayepanga bajeti apange kwa chini ya asilimia 25.

Kisha anafungua daftari la oda. Wateja wa A walionunua ni 44. Wa B ni 40. Meseji za B ni nyingi na oda ni chache! Tupime kwa kipimo kilekile: jumla ni 84, kipeuo ni kama 9, mara mbili yake ni 18, na tofauti ni 4. Hatuwezi kusema A limeshinda kwa mauzo. Hatuwezi pia kusema B limeshinda. Inawezekana video iliamsha udadisi kwa watu wasiojua bei, na picha yenye bei iliwachuja kabla hawajaandika. Dhana hiyo ina mantiki, ila jaribio hili halikuwa na oda za kutosha kuithibitisha. Ili oda zenyewe ziwe hakimu kwa tofauti ya asilimia 30, zingehitajika 200 kwa tangazo dhaifu. Hiyo ni karibu mara tano ya data aliyonayo, na gharama inapanda pamoja nayo.

Hapa ndipo uchaguzi wa kipimo unapokuwa mgumu. Claude Hopkins, mwandishi wa matangazo wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1923, *Scientific Advertising*, jinsi matangazo ya magazeti yalivyowekewa kuponi zenye alama ili ijulikane kila tangazo limeleta maombi mangapi na kwa gharama gani. Fundisho lake bado linasimama: hesabu kilicho karibu na fedha. Lakini kadiri unavyokaribia fedha, matokeo yanapungua na jaribio linakuwa ghali. Ushauri wangu ni kuchagua hatua iliyo karibu zaidi na mauzo ambayo bajeti yako inaweza kuifikisha kwenye idadi inayotakiwa, kuichagua kabla, na kutoibadilisha ukiona nyingine inapendeza.

Tahadhari ya mwisho inahusu kipeuo chenyewe. Nilisema kinafaa ikiwa kila mtu ameamua kivyake. Mteja mmoja akituma meseji tatu, ahesabiwe mara moja. Mtu akilipeleka tangazo kwenye kundi la WhatsApp la kikoba na wanachama 15 wakaandika usiku uleule, hizo si sauti 15 zinazojitegemea, na mtikisiko wa kweli ni mkubwa kuliko kipeuo kinavyodai. Dalili utaiona kwenye hesabu za kila siku. Tangazo lenye wastani wa meseji 14 kwa siku kwa kawaida litacheza kati ya 7 na 21. Siku ya meseji 45 inataka maelezo. Ukitaka kuukagua mtambo mzima, rusha tangazo moja dhidi ya nakala yake yenyewe. Likitokea pengo kubwa kati ya mapacha hao, mgawanyo au uhesabuji una kasoro, na si salama kuamini ushindi wowote mpaka kasoro hiyo ipatikane.

Mabibi na mabwana, mwenye karakana wetu ana maamuzi mawili ya haki. Kama anauza kwa kuzungumza na wateja na anaamini meseji nyingi zitazaa oda, achukue B, huku akiendelea kuhesabu oda mpaka zifike idadi ya kutosha. Kama anachohitaji ni oda tu na hana fedha ya kungoja, abaki na A kwa kuwa ni rahisi kutengeneza, na asimwambie mtu yeyote kwamba limeshinda. Na kwenu nyote wenye matangazo mawili mkononi leo: tafuteni kwanza K yenu. Kama hamwezi kuilipia, chagueni kwa uzoefu wenu, rusheni tangazo moja, na fedha ya jaribio iongezeni kwenye hilo moja.